Nani ashike ramani ya kibanja? Mjadala kuhusu data za wakulima wa kahawa

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozuia kahawa, kakao na bidhaa nyingine tano kuingia katika soko lake iwapo zimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Wafanyabiashara wanaiita kwa kifupi EUDR. Utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili, na tarehe iliyopangwa mara ya mwisho ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati. Kazi ya kupima mashamba haikusubiri tarehe hiyo. Vijana wenye simujanja hupita shambani, huchukua nukta za GPS, huandika jina la mkulima, namba yake ya simu na idadi ya mibuni yake, kisha huondoka. Wanachokiacha nyuma mara nyingi ni swali: yale yaliyoandikwa ni ya nani sasa?

Nimeliweka swali hilo Kagera, kwenye vibanja vya kahawa na migomba, nikalipa sauti tano. Wazungumzaji nimewatunga na nimewapa nafasi zao badala ya majina, lakini sheria wanazozitaja ni za kweli. Hoja iliyo mezani ni hii: data za mashamba ya wanachama zishikwe na wadhamini waliochaguliwa na wanachama wenyewe, na kila anayetaka kuzitumia aombe ruhusa na alipe.

Katibu wa chama cha msingi: Naunga mkono hoja. Chama chetu kina wanachama 600. Kampuni moja ilikuja na vijana wake ikapima vibanja vyote, nasi tukafurahi kwa kuwa hatukutozwa hata senti. Msimu uliofuata akaja mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi. Swali lake la kwanza: ramani zenu ziko wapi? Tukaiandikia kampuni ile ya kwanza tukiomba nakala, ikatujibu kwamba ramani ni mali yake kwa kuwa ndiyo iliyogharamia. Kahawa ni yetu, ardhi ni yetu, na waliowaonyesha vijana wale mipaka ni wanachama wetu. Bado tumeshindwa kumuuzia tuliyemtaka. Ndiyo maana nasema data ni mali kama kahawa yenyewe. Kila kibanja kiwekewe bei, na mwanachama aone fedha mkononi mwake.

Ofisa wa kampuni ya kusafirisha kahawa: Katibu, uchungu wako nauelewa, lakini nawe uelewe wangu. Vijana wale walilipwa posho, wakapewa pikipiki, mafuta na vifurushi vya intaneti. Nikikupa nakala bure, mshindani wangu atanunua kahawa yako kwa jasho langu. Halafu huenda mtadai data zifutwe msipopendezwa. Siwezi kuzifuta hata nikitaka. Anayeingiza mzigo Ulaya analazimika kutunza taarifa hizo miaka mitano, na zikikosekana ndiye anayeadhibiwa. Na tozo mkiiweka, nitanunua katika kijiji cha pili. Nasema hivi bila kiburi. Ndivyo biashara ilivyo.

Mtaalamu wa kumbukumbu za wakulima: Kabla hatujafika kwenye bei, tuangalie kwanza kilichochukuliwa. Shamba la kahawa lisilozidi hekta nne, sheria ya Ulaya inaliombea nukta moja tu, yaani latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya desimali. Mchoro wa mpaka mzima unatakiwa kwa shamba linalozidi hekta nne. Kibanja cha nusu eka ni sehemu ndogo sana ya hapo. Kwa hiyo wanachama wako 600, Katibu, wengi wao walihitajika kutoa nukta moja moja.

Mzee mstaafu wa ushirika: Subiri, binti yangu. Mimi na magoti yangu haya nilizungushwa kibanja kizima, kona kwa kona. Ilikuwa kwa ajili ya nini?

Ofisa: Mzee wangu, nukta haisemi ukubwa. Mtu wa nusu eka akileta kilo elfu mbili, nahitaji kujua kwamba kuna kahawa ya mwingine imepitishwa kwa jina lake. Mchanganyiko wa namna hiyo ukigundulika Ulaya, mzigo mzima unakwama. Mchoro wa mpaka unanilinda, na unamlinda hata mkulima mkweli.

Mtaalamu: Hapo ofisa yuko sahihi, ila ramani yenyewe ichunguzwe. Kibanja cha nusu eka, kikiwa mraba, kina upande wa mita 45 hivi. Chini ya migomba na miti ya kivuli, simu inaweza kukosea mita tano bila shida. Kijana akitembea mita tano nje ya mpaka pande zote, simu itasoma upande wa mita 55, na eneo litatoka mita za mraba 2,025 hadi 3,025. Limeongezeka kwa karibu nusu, na kahawa ya magendo imepata pa kujificha. Akitembea mita tano kwa ndani, linashuka hadi 1,225, na mkulima mwaminifu anaonekana mwizi. Ramani kama hiyo haimlindi mtu. Inabidi ikaguliwe na mwenye shamba, naye haonyeshwi.

Mzee: Sikuonyeshwa. Niliona kijana anabonyeza tu.

Mtaalamu: Kuna makosa ambayo hata mtoto wa sekondari angeyaona kama angepewa faili. Bukoba iko karibu na latitudo -1.33 na longitudo 31.81. Faili la GeoJSON hutanguliza longitudo. Karani akizigeuza namba hizo, kibanja cha Bukoba kinahamia karibu na mpaka wa Moroko na Aljeria. Akisahau alama ya kutoa, kinahamia Uganda, upande wa Hoima na Masindi. Mkulima wa namna hiyo hukataliwa kimyakimya, wala hajui kwa nini kahawa yake haikuchukuliwa. Faili likikaa kwa chama, kosa linasahihishwa kwa siku moja.

Mama mkulima: Samahani, mimi nataka kuuliza jambo langu, kwa sababu naona mnapita mbali. Hiyo ramani ndiyo hati ya kibanja? Maana mume wangu alifariki, kibanja nakilima mimi, mibuni naipogoa mimi. Siku kijana wa kupima alipokuja nilikuwa kliniki na mtoto. Alimkuta shemeji yangu, akaandika jina la shemeji na namba yake ya simu. Sasa ujumbe wa malipo unakwenda kwake. Juzi ameniambia kwamba hata Wazungu wanajua kibanja ni chake.

Katibu: Mama, hilo ni la ardhi, lipeleke baraza la kata. Hapa tunajadili data.

Mtaalamu: Hapana, Katibu, Mama yumo ndani ya mada kuliko sisi sote. Mama, ramani ile si hati. Hatimiliki ya kimila hutolewa kijijini kwa utaratibu wake, na nukta ya mnunuzi haimpi mtu ardhi. Isitoshe, tangu 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Holaria Pastory iliyotoka huku huku Kagera, iliamua kwamba mila ya kumnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Lakini usilidharau daftari hilo. Likikaa miaka na jina la shemeji, siku ya ugomvi atakuja nalo kama ushahidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua kilichoandikwa juu yako na kudai kisahihishwe.

Mama: Nimdai nani? Kijana sijui alikotoka.

Mtaalamu: Hilo ndilo jibu la nani ashike. Haki isiyo na mlango wa kugonga haikusaidii. Daftari likiwa ofisi ya chama, unatembea kwa mguu, unamkuta karani, unaleta shahidi wa jirani na mwenyekiti wa kitongoji, jina linabadilishwa mbele yako.

Mzee: Sasa mimi niseme ninaloliogopa. Mnafikiri hatari iko kwa mnunuzi wa mbali. Mimi namwogopa wa karibu. Huku kwetu kuna butura. Mtu anakuja mibuni ikiwa maua, anakukuta una shida ya ada au ya matibabu, anakupa fedha kidogo, na kahawa ikiiva ni yake. Zamani ilimbidi azunguke kuuliza nani ana mibuni mingi na nani ana shida. Leo mnataka kumwekea daftari lenye jina, simu, idadi ya mibuni na mahali kibanja kilipo. Karani mmoja akiuza orodha ile kwa laki mbili, amewauza wanachama 600.

Ofisa: Mzee amesema la maana, na kwa ukweli wote orodha za namna hii zinatafutwa. Wauza pembejeo wanazitaka, taasisi za mikopo zinazitaka, na kampuni za bima vilevile. Hao wanalipa. Anayetafuta kahawa tu haoni faida ya kulipia mara ya pili kitu alichokwisha kukigharamia.

Katibu: Si ndicho ninachosema! Kuna watu wanalipa, na sisi hatupati kitu.

Mtaalamu: Unachosema kina ukweli nusu, Katibu. Thamani ipo, ila umeiweka mahali pasipo pake. Nukta moja ya kibanja kimoja haina bei. Inapata thamani inapokaa pamoja na nyingine mia sita, zote zimehakikiwa, na kuna mtu anayezisasisha kila mkulima anapofariki, anapogawa kibanja kwa wanawe au anapong'oa mibuni. Daftari lisilosasishwa linakufa baada ya misimu michache. Basi tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, kila chama kiweke zake. Tuseme chama kinakusanya kilo 120,000 za maganda kwa msimu, na mnunuzi akubali kulipa shilingi 20 kwa kilo kwa ajili ya kutumia daftari. Hizo ni shilingi 2,400,000. Kila mwaka mnapima upya theluthi moja ya vibanja, yaani 200, kwa shilingi 4,000 kila kimoja. Zimeondoka 800,000. Mahali salama pa kuhifadhia data, intaneti na simu za karani, tuseme 400,000. Vikao vya wadhamini, 400,000 nyingine. Zinabaki 800,000. Ukizigawa kwa wanachama 600, kila mmoja anapata shilingi 1,333.

Mama: Hiyo haifiki hata kilo ya sukari.

Mtaalamu: Haifiki, Mama. Ndiyo maana kiongozi anayewaahidi wanachama gawio kubwa kutokana na data anawadanganya, hata kama nia yake ni njema. Hela kubwa iko katika lile tatizo la kwanza la Katibu. Yule mnunuzi wa pili aliyeondoka, alitoa bei ya juu kwa kiasi gani?

Katibu: Shilingi mia moja kwa kilo.

Mtaalamu: Kwa kilo 120,000 hizo ni shilingi milioni 12, mara tano ya tozo yote tuliyoihesabu. Mlizikosa kwa kukosa nakala ya faili. Uhuru wa kumwacha mnunuzi mmoja na kwenda kwa mwingine ndio faida ya kwanza ya data kwa mkulima, na unaletwa na nakala. Bei ya data haina nafasi hapo.

Ofisa: Ikiwa ni hivyo, gharama zangu za kupima nitazirudishaje?

Mtaalamu: Mkataba unaweza kusema kwamba uliyepima unatumia daftari bila malipo kwa misimu miwili, na anayekuja baada yako anachangia gharama kupitia chama. Umelipwa, na mkulima hajafungwa. Tena iko faida yako nyingine. Kibanja kikipigwa picha na setilaiti kinaonekana kijani tupu, kwa sababu kahawa iko chini ya migomba na migomba iko chini ya miti. Ramani za dunia za misitu ya mwaka 2020 huweza kukisoma kama msitu, ilhali sheria yenyewe haihesabu kilimo mseto kuwa msitu. Siku kompyuta ya Ulaya itakaposema kahawa hii imetoka msituni, utajitetea kwa kitu gani? Kwa picha zilizopigwa shambani, kwa umri wa mibuni na kwa vocha za mauzo za kabla ya 2020. Vitu hivyo viko kwa chama na kwa wakulima. Usipowaheshimu kama washirika katika data, hutavipata kwa haraka unayoihitaji.

Ofisa: Hilo sikatai. Vocha za zamani sina.

Mzee: Mmeanza kukubaliana haraka mno. Nani atakuwa mdhamini? Nimekaa kwenye ushirika miaka mingi. Nimeona vyama vizuri, na nimeona vyama ambavyo makato yaliliwa na wakubwa. Ukisema data ishikwe na chama, umesema ishikwe na bodi ya chama. Bodi ikikopa na kushindwa kulipa, mdai atasema lile daftari nalo ni mali ya chama, linadiwe.

Mtaalamu: Ndiyo maana ya kutenganisha. Chama kinaendesha kahawa, na wadhamini wanashika daftari kwa niaba ya wakulima. Daftari linakuwa amana mikononi mwao, na mdai wa chama hawezi kulihesabu kuwa mali ya chama. Wazo hili si geni kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji iisimamie ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali ya wengine. Misikiti na makanisa yana wadhamini waliosajiliwa RITA. Huko Uholanzi wakulima wana ushirika unaoitwa JoinData, ambao kazi yake ni kusimamia ruhusa: mkulima anaona nani anaomba data zake na kwa matumizi gani, anaruhusu au anakataa, na akibadili mawazo anaiondoa ruhusa.

Katibu: Basi tuiachie serikali ya kijiji, kwa kuwa sheria imeshaipa udhamini.

Mtaalamu: Sina uhakika na hilo. Kijiji kina faida moja, kwamba kinawahusu hata wasio wanachama wa chama. Lakini data hizi zina majina ya watu na mapato yao, na ofisi ya kijiji imejaa siasa. Chama kina mkutano mkuu wake na wanachama wanaojuana kwa kahawa. Tena kuna tofauti inayosahaulika. Jina na simu ya Mama ni za Mama. Hata wadhamini hawawezi kumnyang'anya haki yake juu ya taarifa hizo. Ila mkiondoa majina mkabaki na jumla, kwa mfano kitongoji hiki kina mibuni mingapi na kinavuna kiasi gani, sheria ya taarifa binafsi inaishia hapo, kwa sababu jumla haimtaji mtu. Jumla hiyo inaweza kumsaidia mlanguzi kujua msimu utakuwaje na bei ianze wapi. Inahusu kitongoji kizima na haimhusu mtu mmoja, kwa hiyo inalindwa na mkataba wa wadhamini pekee.

Mzee: Na mkaguzi? Fedha zetu hukaguliwa na COASCO. Data nani ataikagua? Fedha ikiibwa, sanduku linakuwa tupu. Data ikiibwa, inabaki palepale.

Mtaalamu: Swali zuri, Mzee, na jibu lake ni la vitendo. Kwanza, mfumo uandike kila mara faili linapofunguliwa: nani, lini, kwa kazi gani. Orodha hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu kama hesabu zinavyosomwa. Pili, majina na simu zikae faili moja, nukta za mashamba faili jingine, na kuziunganisha kuhitaji wadhamini wawili. Tatu, kuna mtego. Orodha ya simu inayopewa mtu kwa matumizi fulani, mnachanganya humo namba mbili tatu za chama zenye majina ya kubuni, na kila mpokeaji anapewa zake. Msimu ukifika, namba aliyopewa muuza pembejeo ikianza kupigiwa na mtu wa butura, mnajua orodha imevuja kwa nani. Majina hayo ya mtego yasiingie kamwe kwenye taarifa za mzigo wa Ulaya, maana huko kila nukta lazima iwe shamba la kweli.

Mzee: Hapo umenituliza kidogo. Kidogo tu.

Katibu: Lakini bado lile la tozo. Ofisa ametuambia atahamia kijiji cha pili.

Ofisa: Nitahamia. Sina njia nyingine, na msafirishaji yeyote angefanya hivyo.

Mtaalamu: Afrika Kusini walikutana na ukuta huo huo. Jamii za Khoi na San zilikuwa na maarifa ya asili ya majani ya rooibos, na wafanyabiashara wakayatumia kwa vizazi. Mwaka 2019 yalifikiwa makubaliano ya wasindikaji kulipa asilimia 1.5 ya bei ya shambani kwa jamii hizo. Yale yalikuwa maarifa, haya ni data, lakini funzo la malipo ni moja. Tozo ilisimama kwa sababu ilibebwa na tasnia nzima, na nyuma yake kulikuwa na sheria ya bayoanuwai inayotaka mgawanyo wa manufaa. Hakuna msindikaji aliyekuwa na kijiji cha pili cha kukimbilia. Chama kimoja cha Kagera kikisimama peke yake, ofisa atakiruka. Vyama vyote vya wilaya vikisimama chini ya chama kikuu chao, na masharti ya data yakaingizwa kwenye utaratibu wa mauzo unaosimamiwa na Bodi ya Kahawa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hataweza.

Ofisa: Na hapo gharama hiyo itashushwa kwenye bei ya mkulima. Msidhani nitaibeba mimi.

Katibu: Huenda. Huenda mnunuzi wa Ulaya akaibeba, kwa kuwa sheria ni yake.

Mama: Kwa nini tusimuulize yeye? Aliyetaka kujua kibanja kiko wapi ni yeye.

Swali hilo la Mama halikupata jibu katika mjadala huu, na hata nje ya mjadala halijajibiwa. Sheria ya Ulaya inamtwisha muingizaji wajibu wa kuthibitisha, naye hudai uthibitisho kwa anayemuuzia. Gharama inateremka ngazi kwa ngazi hadi inatua kwa mwenye nusu eka. Haikuandikwa popote kwamba aliyetoa uthibitisho lazima abaki na nakala yake. Lingine lililobaki wazi ni la wasio wanachama, ambao vibanja vyao vimepimwa lakini hawana kura kwenye mkutano mkuu wa chama. Naona wapewe kiti kwenye bodi ya wadhamini, ila najua vyama vingi vitapinga.

Katika mengine nina msimamo. Naiunga mkono hoja kwa nusu yake ya kwanza, na nusu ya pili naiahirisha. Wadhamini wanahitajika sasa hivi. Malipo yaje baadaye, yakidaiwa na vyama vingi kwa pamoja. Katibu alikosea kuanza na bei. Chama kitakachoanza kwa kudai shilingi 20 kwa kilo kitatumia nguvu zake zote kwenye jambo lisilofikia kilo ya sukari kwa mwanachama, na huku kinaacha kudai nakala ambayo ingekipa mamilioni kwa kuchagua mnunuzi.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti na katibu wa chama cha msingi, kabla kijana wa kupima hajaingia kibanja cha kwanza, mkataba uwe umesainiwa na uwe na mambo manne. Chama kipewe nakala kamili ya faili, katika muundo unaofunguka kwenye kompyuta yoyote, ndani ya siku 30 tangu upimaji uishe. Data zitumike kuthibitisha asili ya kahawa tu, na matumizi mengine yoyote yaombewe ruhusa upya kwa maandishi. Miaka mitano ya kisheria ikiisha, mnunuzi azifute, na chama kipewe uthibitisho. Na kila mkulima asomewe kilichoandikwa kuhusu kibanja chake, jina, simu na mipaka, naye akubali au asahihishe mbele ya karani wa chama. Mnunuzi atakayekataa sharti la nakala, msimruhusu apime.